Kushukuru watu 31 jukwaani kwa dakika mbili

Mara ya kwanza kikundi chetu cha maigizo kiliposhinda tuzo, mimi ndiye niliyetumwa kuipokea. Nilipanda jukwaani nikiwa na majina 31 kwenye simu. Tulikuwa tumeambiwa mapema kwamba kila mshindi ana dakika mbili. Nikaanza na itifaki, nikamshukuru Mungu, kisha nikaanza kusoma. Nilipofika jina la 19 muziki ukapandishwa, mfawidhi akanisogelea akitabasamu, nami nikasema yale maneno ambayo karibu kila mtu huyasema akiishiwa na muda: "Na wengine wote ambao sijawataja, mnajijua."

Usiku ule tulirudi Eastlands, Nairobi, kwa matatu. Fundi wetu wa taa alikaa dirishani, kimya, mpaka tulipoingia Jogoo Road. Ndipo akaniuliza taratibu, "Dada, kwa hivyo mimi ni wengine wote?"

Sikuwa na jibu. Kesho yake nilikaa na saa ya simu nikaisoma orodha ile kwa sauti, kwa mwendo wa jukwaani. Jina pamoja na kazi ya mwenyewe, kwa mfano "fundi wetu wa taa, fulani wa fulani," lilichukua sekunde tatu hadi nne. Ukichukua nne, majina 31 ni sekunde 124, na dakika mbili ni sekunde 120. Yaani hata bila salamu orodha haingetoshea. Halafu nikaona jambo lililoniuma zaidi. Nilikuwa nimeipanga kwa vyeo, kama tunavyopanga wengi wetu: mwelekezi, mwandishi wa tamthilia, waigizaji wakuu, halafu wengine wakifuatana kwenda chini. Muda unapoisha, makasi hukata chini. Walioachwa walikuwa watu wa taa, wa kubeba mapambo ya jukwaa, wa kufungua ukumbi saa kumi na mbili asubuhi.

Na wale 19 niliowataja hawakufaidi chochote. Jina lisilofuatwa na tendo ni sauti tu kwa mtu asiyemjua mwenyewe. Ukitaka kujua ni lini umewapoteza wasikilizaji, tazama meza za katikati: nyuso zinaanza kumulikwa na mwanga wa simu kutoka chini. Kwangu mwanga ule ulianza jina la tano au la sita.

Miaka miwili baadaye tulipata nafasi nyingine, na safari hii nilijiandaa tofauti. Badala ya kuuliza "tumshukuru nani?" niliketi na wenzangu wawili na daftari, tukajiuliza: ni wakati gani katika kazi hii mikono mingi zaidi ilikutana mahali pamoja? Tulitaja nyakati tatu. Usiku wa kwanza wa watazamaji tukaukataa, kwa sababu usiku ule wanaoonekana ni waigizaji peke yao. Siku ya kujenga jukwaa tukaikataa pia, waigizaji hawakuwepo. Tukabaki na usiku mmoja wa mazoezi, mvua ilipotukuta ukumbini.

Hotuba yenyewe ilikuwa hii. Majina nimeyaondoa hapa, lakini kila penye nukta tatu nilitaja jina kamili:

"Mgeni wa heshima, itifaki yote ikiwa imezingatiwa, habari za jioni. Siku kumi kabla ya kuanza kuonyesha mchezo huu, mvua ilinyesha Eastlands mpaka tukashindwa kusikiana chini ya mabati. Saa moja na nusu stima ikapotea, tukiwa katikati ya onyesho la nne. Mshonaji wetu wa maleba, ... , aliweka gauni chini, akawasha tochi ya simu, akaielekeza usoni mwa mwigizaji. Simu ya pili ikawaka. Ya tatu. Ya kumi. Mpiga ngoma wetu, ... , alipoona maneno yanamezwa na mvua, akaanza kupiga polepole, na waigizaji wakawa wanasema katikati ya mapigo. Na mama anayetuuzia chai langoni, ... , aliingia na birika lake, hakutoka mpaka saa nne. Lile onyesho la giza ambalo majaji wamelisifu lilizaliwa usiku huo, likaachwa vilevile. Walioshika simu usiku ule wako humu ndani. Naomba msimame, na mwashe tochi zenu."

Watu wetu walikuwa wametawanyika, wengine meza za nyuma, wengine roshani. Waliposimama na simu zao juu, ukumbi mzima uligeuka kuwatazama, na makofi hayakuwa yangu. Nilitumia dakika moja na nusu hivi, na zile sekunde zilizobaki zikaliwa na makofi.

Sasa, kwa nini hao watatu ndio waliotajwa? Hapa ndipo wengi hujikwaa, na hapa ndipo kinyongo huzaliwa. Kanuni ninayoifuata sasa ni kwamba ukimtaja mmoja wa kundi fulani, watajwe wote wa kundi hilo, au asitajwe yeyote. Mshonaji wa maleba tulikuwa naye mmoja. Mpiga ngoma mmoja. Mama wa chai mmoja. Waigizaji walikuwa wanane, na ningetaja wawili, wale sita wangeenda nyumbani wakihesabu. Kwa hiyo waigizaji wote wakabaki "waigizaji," nao wakaonekana pale walipofaa kuonekana, wakisema maneno yao katikati ya ngoma.

Lakini usiwaache walisikie jambo hilo ukumbini. Wiki moja kabla, niliwapigia simu wote ambao hawangetajwa kwa jina, mmoja mmoja. Mwigizaji wetu mkuu hakufurahi mwanzoni. "Miezi mitatu nimebeba huu mchezo," akasema. Nikamsomea hotuba yote kwenye simu. Ilipofika pale tochi inapoelekezwa usoni mwa mwigizaji akanyamaza, kisha akasema, "Huo uso ni wangu." Simu ya namna hiyo ikipigwa kabla ya hafla ni heshima. Ikipigwa baada ya hafla ni kuomba msamaha, na anayepigiwa anajua.

Orodha yenyewe sikuitupa. Mahali pake ni karatasini. Niliiandika yote, majina 31, kila jina na jambo moja ambalo mtu huyo alilifanya, nikawaomba waandaaji waichapishe kwenye kijitabu cha hafla, kisha nikaituma kwenye kikundi chetu cha WhatsApp asubuhi ya siku ile. Kila mtu alikuwa amekagua tahajia ya jina lake mwenyewe. Hilo usilipuuze, kuna mtu anayependa jina la baba litangulie, na kuna asiyetaka lile la ubatizo kabisa. Hata waandaaji wa Oscar walifikiria njia kama hiyo: mwaka 2016 washindani waliombwa kuwasilisha mapema majina ya wanaotaka kuwashukuru, na mshindi alipokuwa akizungumza majina yake yakawa yanapita chini ya skrini.

Kuna majina ambayo huna hiari nayo. Mfadhili akiwa ameandikwa kwenye mkataba kwamba atatajwa, mtaje, na usome mkataba tena usiku wa kuamkia hafla, usitegemee kumbukumbu. Mimi huyasema hayo ndani ya sentensi inayoonyesha fedha zilifanya nini. "Waliotulipia nauli ya watu 31 kwa wiki sita" inasikika, na wenyewe huipenda kuliko "wadhamini wetu wapendwa."

Na ikiwa kazi yako haina wakati mmoja uliowakutanisha wote? Kwenye filamu, kwa mfano, mhariri anaweza kumaliza kazi bila kuonana na mshonaji. Hapo chagua kitu kimoja kilichopita mikononi mwa wengi, ukifuate safari yake: kurasa za mswada, kanda ya sauti, hata koti la mhusika. Au taja watu wachache, kila mmoja na sifa yake peke yake. Lupita Nyong'o alifanya hivyo alipopokea Oscar mwaka 2014. Mapema kabisa alimtaja Patsey, yule mwanamke wa kweli aliyekuwa mtumwa, ambaye Lupita aliigiza maisha yake katika filamu ya 12 Years a Slave. Kisha alipowataja wenzake hakuwapitia tu. Alipofika kwa Joe Walker, mhariri, alimwita mwigizaji asiyeonekana wa chumba cha uhariri. Ukisikia maneno hayo, mtu usiyemjua anapata kazi na sura. Njia hiyo, kwa uzoefu wangu, inabeba majina sita au saba. Ukizidisha hapo inarudi kuwa orodha.

Hatari ya kusimulia kisa ni kwamba kinaweza kukugeukia wewe. Rasimu yangu ya kwanza ya kile kisa cha mvua ilianza "Nilikuwa nimekata tamaa," ikaendelea hivyo. Nilichukua kalamu nyekundu nikazungushia kila "nili" iliyokuwamo. Zilikuwa 14. Nikaandika upya mpaka zikaisha zote, na neno la kwanza linalonihusu mimi likawa "naomba," mwishoni kabisa. Ijaribu kalamu hiyo kwenye hotuba yako. Utaona haraka unamshukuru nani.

Jambo la mwisho la kujiandaa ni kumbukumbu yenyewe. Jukwaani jina la mtu uliyekula naye mchana linaweza kutoweka kabisa. Nilikuwa na kadi ndogo kiganjani yenye majina matatu tu, kwa herufi kubwa, na ile sentensi ya mwisho niliijua kwa moyo. Kati ya hapo nilisimulia tu kama ninavyosimulia nyumbani. Itifaki niliipunguza iwe sentensi moja baada ya kumuuliza mfawidhi kama inatosha, naye alishukuru, kwa sababu hafla ilikuwa imechelewa saa nzima.

Tochi zilipowaka nilimtafuta fundi wetu wa taa. Alikuwa amesimama karibu na nguzo upande wa kushoto. Wengine wote walikuwa wameelekeza simu zao jukwaani. Yeye alikuwa ameinua yake juu kidogo ya kichwa, kama anavyofanya akipima taa kazini, akiielekeza kwa mama wa chai.