Barua ya kuomba KRA ikuruhusu kulipa ushuru kwa awamu

Ukiwa na deni la ushuru na pesa za kulilipa kwa mkupuo hazipo, Sheria ya Taratibu za Ushuru ya Kenya ya mwaka 2015 inakupa njia. Kifungu cha 33 kinakuruhusu umwandikie Kamishna kuomba muda zaidi. Akiridhika kwamba una sababu ya msingi, anaweza kusogeza tarehe ya malipo au kukubali ulipe kwa awamu, na anatakiwa akujibu kwa maandishi ndani ya siku 30 tangu apokee ombi lako. Lakini kifungu hicho kina masharti mawili makali. Riba inaendelea kuhesabiwa tangu tarehe ya kwanza ya malipo hata ukikubaliwa, na ukikosa awamu moja tu, salio lote linadaiwa papo hapo.

Kwa hiyo, kabla ya kushika kalamu, fungua leja yako kwenye iTax. Tenganisha ushuru wenyewe, adhabu na riba, kisha linganisha kila malipo na risiti zako. Mara nyingi kiasi kinachoonekana si deni halisi. Mtu alitengeneza PRN, yaani namba ya kulipia ushuru, akachagua mwaka usiofaa au aina nyingine ya ushuru, basi pesa ziko KRA lakini zimekaa mahali pengine huku deni likiendelea kuzaa riba. Wengine wamekatwa ushuru wa zuio na wateja wao, ila hawakuudai kwenye ritani. Hayo yarekebishwe kwanza. Ritani ambazo hazijawasilishwa nazo ziwasilishwe, kwa sababu afisa hawezi kukubali mpango wa deni ambalo ukubwa wake haujulikani.

Kama deni linatokana na tathmini ya KRA ambayo hukubaliani nayo, barua ya awamu siyo jibu lake. Hapo unahitaji pingamizi, nalo lina siku 30 tangu upewe tathmini. Barua inayosema “nakubali deni” itakufunga. Gawanya kiasi: sehemu unayoikataa iwekee pingamizi, na sehemu unayoikubali ilipe au iombee muda chini ya Kifungu cha 33. Usipofanya mojawapo kwa sehemu unayoikubali, pingamizi lenyewe halihesabiwi kuwa halali, na ni jambo linalowaangusha wengi.

Sasa tuchukue mfano wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Ushuru wake wa mapato ya mwaka 2024 ulibaki KSh 240,000, uliotakiwa kulipwa kufikia 30 Aprili 2025. Adhabu ya kuchelewa ni asilimia 5, yaani KSh 12,000. Riba ni asilimia 1 ya ushuru ambao haujalipwa kwa kila mwezi, yaani KSh 2,400. Kufikia mwisho wa Februari 2026 imepita miezi kumi, riba ni KSh 24,000, na jumla ni KSh 276,000.

Kosa la kawaida ni kugawanya jumla hiyo kwa kumi na mbili na kuandika KSh 23,000 kwa mwezi. Hesabu hiyo imesahau riba inayoendelea, tena haikuuliza kama duka linaweza. Anza na mwezi wako mbaya kuliko yote. Tuseme duka hili, baada ya bidhaa, kodi ya nyumba, mishahara na chakula, hubakiwa na KSh 60,000 mwezi wa kawaida, lakini Januari na Aprili hubakiwa na KSh 25,000 tu. Awamu lazima iingie ndani ya hiyo KSh 25,000. Ukiahidi KSh 40,000 ili kumfurahisha afisa, mpango utavunjika Aprili na utadaiwa kila kitu kwa pamoja. Ni heri muda mrefu zaidi unaoweza kuutetea kwa karatasi.

Akilipa KSh 40,000 mara moja, ushuru unashuka hadi KSh 200,000. Awamu kumi za KSh 20,000 zinaumaliza, na katika miezi hiyo riba mpya inazidi kupungua, jumla yake karibu KSh 11,000. Ukijumlisha na adhabu na riba ya zamani, zinabaki KSh 47,000, ambazo ni awamu mbili za KSh 23,500. Angalia mpangilio wenyewe: ushuru unalipwa kwanza kwa sababu ndio unaozaa riba.

Barua yenyewe isizidi ukurasa mmoja. Kiswahili na Kiingereza zote ni lugha rasmi nchini Kenya. Mwandikie Kamishna kupitia kituo cha ushuru ulikosajiliwa, uweke PIN yako juu, kisha uandike namna hii:

“YAH: OMBI LA KULIPA USHURU WA MAPATO WA MWAKA 2024 KWA AWAMU, KIFUNGU CHA 33

Nakubali kwamba kufikia 28 Februari 2026 nadaiwa ushuru KSh 240,000, adhabu KSh 12,000 na riba KSh 24,000. Sikulipa kwa wakati kwa sababu mteja aliyechukua bidhaa za KSh 410,000 mnamo Novemba 2024 hajalipa hadi leo. Ankara na barua za kumdai zimeambatishwa.

Leo nimelipa KSh 40,000, risiti imeambatishwa. Naomba nilipe KSh 20,000 kila tarehe 28, kuanzia Machi hadi Desemba 2026, na KSh 23,500 Januari na Februari 2027. Nimejumuisha riba itakayoongezeka. Ritani na ushuru wa miezi ijayo nitawasilisha na kulipa kwa wakati.”

Sababu iwe tukio moja lenye tarehe na ushahidi. “Biashara ni mbaya” haimwonyeshi afisa chochote, kwani kila anayeandika anasema hivyo. Ambatisha taarifa za benki na M-Pesa za miezi sita, pamoja na jedwali fupi la mapato na matumizi. Taarifa hizo zisigongane na barua. Ukisema huna kitu huku akaunti inaonyesha ulihamisha KSh 300,000 juzi, eleza zilikwenda wapi. Ombi la kusamehewa adhabu nalo usilichanganye humu.

Kwa VAT na PAYE, jitayarishe kwa ugumu zaidi. PAYE ni pesa uliyokata kwenye mshahara wa mfanyakazi, na VAT uliipokea kwa mnunuzi. Afisa atauliza zilitumika wapi, basi lijibu swali hilo ndani ya barua. Wakati huohuo PAYE ya kila mwezi inaendelea kudaiwa kufikia tarehe 9 na VAT kufikia tarehe 20, kwa hiyo ziondoe kwenye hesabu kabla ya kupanga awamu.

Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, na anza kulipa bila kungoja jibu. Kuwasilisha ombi peke yake hakuizuii KRA kuandikia benki yako ilani ya kukusanya deni kutoka kwenye akaunti. Nakala yenye muhuri na risiti mbili ndizo utakazobeba ukienda kuomba ilani hiyo iondolewe. Tengeneza PRN mpya kila mwezi, ukihakikisha aina ya ushuru na mwaka ni vile vya deni. Ukiona mwezi ujao utashindwa, andika kabla ya tarehe 28 kuomba mpango urekebishwe, kwa sababu tarehe ikishapita utakuwa umeshavunja makubaliano.

Baada ya awamu ya mwisho fungua leja tena. Mara nyingi hubaki shilingi mia chache za riba kwa sababu hesabu yako na ya mfumo hazikulingana sawasawa. Zilipe siku hiyohiyo, kisha uombe kituo kikuthibitishie kwa maandishi kwamba mwaka huo hauna deni.