Mafuta ya Kukaangia: Tazama Povu na Moshi Kabla ya Rangi

Kwa miaka mingi niliyapima mafuta yaliyokwisha kutumika kwa rangi yake tu, hadi siku nilipochanganya nusu lita ya mafuta niliyokuwa nimekaangia samaki mara nne na nusu lita ya mafuta mapya. Rangi ilipendeza. Hata hivyo, karai lilipopata moto moshi ulianza kupanda kabla sijatia chochote, na nilipotia viazi, povu zito la mapovu madogo madogo lilifika karibu na ukingo na halikutulia hata viazi vilipoiva. Viazi vyenyewe vilikuwa vimelowa mafuta na vina harufu ya samaki. Nilimwaga lita nzima.

Maji yanayotoka kwenye chakula huyavunja mafuta yenye moto na kuzalisha asidi, na kadiri asidi hiyo inavyoongezeka ndivyo mafuta yanavyotoa moshi kwenye joto la chini zaidi. Hewa nayo huyachachisha, na joto kali huyafanya yawe mazito. Ukiongeza mafuta mapya, rangi hufifia lakini uchafu huo unabaki palepale.

Ndiyo maana sasa natazama povu kwanza. Katika mafuta mazima, mapovu ni makubwa, hupasuka upesi na hupungua kadiri chakula kinavyokauka. Yaliyochoka hufunikwa na povu dogo lisilokatika. Moshi ukitokea kwenye moto uleule wa siku zote, karibu nyuzi 180, au mafuta yakimiminika kwa uzito na kuacha utando unaonata pembeni mwa karai, siyatumii tena. Weusi peke yake hautoshi kuwa hukumu, kwa sababu viungo na unga huyatia mafuta rangi mapema.

Viazi vitupu vilivyokaushwa vizuri kwa kitambaa huniwezesha kuyatumia mafuta mara nne au tano. Chakula kilichopakwa unga huyachosha mapema zaidi, kwa kuwa chenga zinazodondoka huendelea kuungua, na mafuta ya samaki nayatenga kwa samaki tu. Chumvi natia baada ya kuepua, mbali na karai.

Nikimaliza, nazima moto na kuyaacha yapoe kabisa, kisha nayachuja kwa kitambaa safi kikavu kilichokunjwa mara mbili, nikiyaacha mashapo ya chini karaini. Nayatia katika chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, kwani hata matone machache ya maji yatarukia mkono mafuta yakipata moto tena. Nachagua chupa inayojaa hadi karibu na mdomo ili hewa isipate nafasi, naifunga vizuri na kuiweka kabatini penye giza, mbali na jiko. Kwenye chupa naandika tarehe, kilichokaangwa na idadi ya mara. Kabla ya kuyatumia tena nayanusa kwanza, maana mafuta huweza kuchacha hata yakiwa yametulia ndani ya chupa.