Simu Inayozungumza Mfukoni: Namna ya Kubadilisha Kazi ya Kitufe cha Kuwasha

Kwa wiki kadhaa simu yangu ilikuwa na tabia ya kuzungumza ikiwa mfukoni. Nilikuwa nikiinama kufunga kamba za viatu, au nikikaa kwenye kiti kifupi, nahisi mtetemo mdogo pajani, kisha nasikia sauti ikisema haikuelewa nilichouliza. Niliivumilia hadi siku ilipompigia simu mtu ambaye mimi na mwenzangu tulikuwa tukimtaja katika mazungumzo ya faragha. Nilipoitoa, sekunde za simu zilikuwa tayari zinahesabika kwenye kioo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba msaidizi wa sauti alikuwa akiitikia maneno yetu, kwa hiyo nikazima kipengele cha kuitwa kwa «Hey Google». Hali haikubadilika hata kidogo, kwa sababu wito wa sauti na kushikilia kitufe cha kuwasha ni njia mbili za kumwita msaidizi zinazojitegemea, na kuifunga moja hakuigusi nyingine. Ningeweza kulijua hilo mapema kwa jaribio rahisi: niliiacha simu mezani siku nzima huku tukizungumza karibu nayo, nayo ikanyamaza, nilipoirudisha mfukoni, ilianza tena kabla ya saa moja kupita. Kama unatumia spika za masikioni, zichomoe au uzitenganishe na simu kabla ya kujaribu, kwa kuwa nazo zina kitufe kinachoweza kumwita msaidizi.

Kitufe cha kuwasha simu yangu kiko ubavuni, na nilipokaa, mkunjo wa suruali kwenye nyonga uliangukia pale pale. Kava la mpira lilizidisha tatizo, kwani sehemu yake inayofunika kitufe ilikuwa ngumu na imebana kiasi kwamba mguso mdogo tu ulitosha kukibonyeza na kukishikilia. Unaweza kulipima kava lako kwa kugusa eneo hilo kwa kidole bila kukaza: kama kioo kinawaka kabla hujakusudia kubonyeza, kava hilo lina lawama.

Zamani mbonyezo wa namna hii haukuwa na madhara, kwa sababu kushikilia kitufe kulileta menyu ya kuzima simu, na menyu hiyo haifanyi lolote mpaka uguse kioo. Mambo yalibadilika iPhone X ya mwaka 2017 ilipokuja bila kitufe cha Home na kazi ya kumwita Siri ikahamia ubavuni, na Android 12 ya mwaka 2021 nayo ikaruhusu kitufe cha kuwasha kumwita msaidizi. Dawa yake, basi, ni kukirudishia kitufe kazi yake ya awali.

Katika simu za Pixel, fungua Settings, kisha System, kisha Gestures, uingie Press & hold power button na uchague Power menu. Katika simu za Samsung, pitia Settings, kisha Advanced features, kisha Side button, ambayo matoleo ya nyuma huiita Side key, na kwenye kushikilia kitufe uchague Power off menu. Majina hutofautiana kidogo kati ya matoleo, kwa hiyo usipoyaona, andika neno power au side kwenye kisanduku cha kutafutia kilicho ndani ya Settings. Ukishabadilisha, shikilia kitufe huku ukiangalia kioo. Menyu ya kuzima ikitokea, kazi imekamilika. Msaidizi mwenyewe hajafutwa, na bado unaweza kumfikia kwa njia nyingine, kama vile kufungua programu yake.

Kwa iPhone isiyo na kitufe cha Home, nenda Settings, kisha Accessibility, kisha Side Button, na chini ya Press and Hold to Speak uchague Off. Usichague Classic Voice Control ukidhani umemzima msaidizi, maana huo nao ni mfumo unaopokea amri za sauti na unaweza kupiga simu. Ungekuwa umeondoa tatizo moja na kuweka lile lile kwa jina jingine.

Badiliko hili linahusu kushikilia kitufe peke yake. Kukibonyeza mara mbili kwa haraka bado kunaweza kufungua kamera, na mimi nilizima hilo pia, kwa kuwa nilikuwa nikikuta picha nyeusi za ndani ya mfuko. Kukibonyeza mara tano, ambako katika simu nyingi huanzisha wito wa dharura, nilikuacha kama kulivyo, ila nililibadilisha lile kava kwa jingine lenye uwazi mahali pa kitufe.