Nukta zilizonyooka zilinidanganya: kukadiria mtitio wa mwisho wa tuta juu ya mfinyanzi laini

Ukijaza udongo juu ya mfinyanzi laini uliolowa, tuta huanza kutitia, na swali linalokuja kila kikao ni lile lile: litashuka mpaka wapi, na lini tunaweza kuendelea na tabaka za juu? Hesabu za maabara hutoa jibu la awali, lakini sampuli chache za udongo haziwezi kusema yote yaliyo chini ya tuta zima. Ndiyo maana nimezoea kuliuliza tuta lenyewe kwa njia ya Akira Asaoka, Mjapani aliyeichapisha mwaka 1978. Ni njia rahisi mno, na urahisi huo ndio ulioniponza.

Wazo lake ni hili. Mzigo ukishatulia juu ya mfinyanzi, maji yanabanwa na kutoka taratibu, na mtitio unaobaki hupungua kwa uwiano ule ule kila baada ya muda ule ule. Kama leo zimebaki milimita 500, na baada ya wiki mbili zimebaki 400, basi wiki mbili nyingine zitabaki 320. Kwa hiyo ukichukua vipimo kwa vipindi sawa, kisha kila kipimo ukakichora dhidi ya kile kilichokitangulia, cha zamani kwenye mhimili mlalo na kipya kwenye mhimili wima, nukta zitajipanga kwenye mstari mnyoofu. Chora pia mstari wa nyuzi 45 unaopita kwenye sifuri. Juu ya mstari huo kipimo kipya ni sawa na cha zamani, maana yake tuta limeacha kushuka. Pale mistari miwili inapokutana ndipo mtitio wa mwisho ulipo.

Tuta ninalotaka kulieleza lilikaa juu ya mfinyanzi wa mita 9, uliopigwa mikanda ya wima ya kutolea maji. Chini ya tuta tulilaza bamba la chuma lenye bomba lililochomoza juu, na mpimaji alisoma kimo cha kichwa cha bomba kila siku 14, akianzia kwenye alama imara iliyo nje kabisa ya eneo laini. Kujaza kulichukua siku 56. Vipimo, kwa milimita, vilikuwa 0, 90, 230, 420 na 640 siku tuta lilipofika kimo chake. Baada ya hapo, bila kuongezwa udongo wowote, vikawa 761, 855, 934, 993, 1044 na 1082.

Nilikuwa na haraka ya kuandika ripoti. Niliingiza vipimo vyote kumi na kimoja kwenye Excel, nikapata nukta kumi, nikaiambia ichore mstari. Mstari ukapita katikati ya nukta, R², kipimo cha jinsi nukta zinavyoufuata mstari, ikasoma 0.98, na nikaridhika. Mtitio wa mwisho ukatoka milimita 1675. Kwa hesabu hiyo tulikuwa tumefika asilimia 65 tu, na kufikia asilimia 90 kungehitaji vipindi 12 zaidi, yaani siku 168. Niliandika hivyo hivyo, nikaongeza na pendekezo la kuagiza udongo zaidi wa kufidia kushuka kule.

Msimamizi wetu, mzee aliyekwisha kuona matuta mengi, aliishika karatasi yangu, akaiangalia kwa muda, akaniuliza swali moja: "Kijana, hizi nukta nne za mwanzo mlizipima tuta likiwa limesimama au linapanda?"

Linapanda. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Ule uwiano usiobadilika unatoka kwenye mzigo usiobadilika. Malori yanapoendelea kumwaga udongo, mtitio wa kila kipindi unabeba mambo mawili: maji yanayotoka kwa mzigo wa jana, na mzigo mpya wa leo. Vipimo vya wakati huo ni vya kweli na ni vya lazima kwa usalama wa kujaza, lakini havina nafasi kwenye mstari huu. Nilipoviondoa nikaanzia 640, zikabaki nukta sita, na mambo yakabadilika kabisa.

Kwenye Excel, weka kipimo kilichotangulia safu A na kinachokifuata safu B, kuanzia seli za A2 na B2, kisha:

```
D1: =SLOPE(B2:B7,A2:A7)
D2: =INTERCEPT(B2:B7,A2:A7)
D3: =D2/(1-D1)
```

D1 ni mteremko wa mstari, nao ulikuwa 0.798. D2 ni pale mstari unapokata mhimili wima, milimita 249.5. D3 ndiyo makutano na mstari wa nyuzi 45, yaani mtitio wa mwisho: milimita 1236, si 1675. Kwa kuwa tulikuwa tumeshashuka 1082, tulikuwa tumefika karibu asilimia 87.5. Zilibaki milimita 154, na asilimia 90 ilikuwa mbele yetu kwa kipindi kimoja tu cha siku 14. Kati ya siku 14 na siku 168 kuna mradi mzima wa tofauti.

Sasa niseme kuhusu R², kwa sababu bado naona ripoti zinazoitaja kama ushahidi. Katika grafu hii mihimili yote miwili inabeba kitu kimoja, mtitio, uliosogezwa kipindi kimoja tu. Mtitio ukiwa mkubwa leo, utakuwa mkubwa na kesho. Nukta zitafuatana karibu na mstari wa nyuzi 45 hata kama ulichochora hakina maana, na R² itapanda juu. Yangu ilikuwa 0.98 kwa jibu lililozidi kwa milimita 439.

Ninachofanya siku hizi ni kutoa kipimo cha zamani kwenye kipya na kuchora ile tofauti, yaani ongezeko la kila kipindi, dhidi ya kipimo cha zamani. Ni hesabu ile ile, ila umeuondoa ule ufanano wa bure unaoficha makosa. Kwa tuta hili maongezeko yalikuwa 90, 140, 190, 220, kisha 121, 94, 79, 59, 51, 38. Hata mtoto wa shule ataona kwamba yanapanda mpaka 220 halafu yanakatika ghafla na kuanza kushuka. Mpaka wa kujaza na kutulia unaonekana wazi, na sehemu ya pili peke yake ndiyo inayoshuka kwa mstari mnyoofu kuelekea sifuri. Pale inapogusa sifuri utakuta 1236 ile ile.

Grafu hiyo pia huonyesha bamba lililogongwa. Greda likipiga bomba likapinda, ongezeko moja litaruka nje ya mstari wake, na vipimo vyote vya baadaye vitakuwa vimesogea kwa kiasi kile kile. Ukikuta hivyo, nenda kwenye tuta uliangalie bomba kabla ya kuigusa hesabu.

Jambo jingine ni urefu wa kipindi. Kuna kishawishi cha kupima kila siku ili upate nukta nyingi. Kwa mikanda ya wima, wiki mbili zimenifaa. Bila mikanda, maji yanatoka polepole sana na nisingetumia chini ya mwezi. Fikiria tuta letu siku ya kipimo cha 1082. Kwa siku moja lilikuwa linashuka kama milimita 2.5, na kosa la kawaida la kusoma kimo kwenye tuta lenye vumbi na mitetemo ni milimita 2 au 3. Ongezeko lenyewe limelingana na kosa. Mteremko wa kila siku ungekuwa 0.984, na kwa kuwa jibu linagawanywa kwa moja kutoa mteremko, kosa dogo kwenye tarakimu ya tatu linarusha jibu mbali. Kwa kipindi cha siku 14 ongezeko lilikuwa milimita 38, na kosa la milimita 2 halina nguvu ya kuliyumbisha.

Vipindi lazima viwe sawa kweli. Mvua ikimzuia mpimaji akaja siku ya 17 badala ya 14, usikiingize kipimo chake kana kwamba ni cha siku ya 14. Chora mtitio dhidi ya muda, pitisha mstari laini wa kupinda kwenye nukta, usome thamani ya siku ya 14 juu ya mstari huo.

Usiamini jibu la kwanza pia. Mimi hurudia hesabu kila kipimo kinapoingia na kuyaandika majibu mfululizo. Hapa, kuanzia vipimo vitatu vya kwanza baada ya kujaza kwisha, majibu yalikuwa 1182, 1250, 1226, 1241, 1236. Yanayumba pande zote mbili na kuyumba kunapungua, na hilo ndilo ninalolitafuta. Majibu yakipanda tu kila mara, bila kurudi nyuma hata kidogo, jua kuna kitu. Labda bado unachanganya vipimo vya wakati wa kujaza, au kuna mtu ameongeza udongo kufidia mtitio bila kukuambia. Hapo nukta zitahamia mstari mwingine ulio juu zaidi, na utaanza upya kuanzia siku ile.

Sababu ya tatu ya majibu kupanda tu iko ndani ya mfinyanzi wenyewe. Shinikizo la maji likiisha, chembe zenyewe huendelea kujipanga na tuta huendelea kushuka kidogo kidogo kwa miaka, hasa penye mabaki mengi ya mimea. Nukta za mwisho hupinda na kuanza kukimbia sambamba na mstari wa nyuzi 45. Njia hii haikadirii mtitio huo wa muda mrefu. Inakupa mwisho wa kutoka kwa maji, chini ya mzigo uliopo, basi. Kama kuna vipima shinikizo la maji ndani ya mfinyanzi, vilinganishe: mstari ukisema asilimia 87 na shinikizo la ziada likiwa bado nusu ya lilivyoanza, usitoe ruhusa yoyote.

Ripoti yangu niliiandika upya usiku ule, na mwishoni nikaweka kipimo ninachokitarajia kwenye ziara inayofuata, 249.5 kuongeza 0.798 mara 1082, sawa na milimita 1113. Siku 14 baadaye mpimaji alisoma 1114, na mzee akatia sahihi.