Miaka miwili saiti, bado "mhitimu": nitafikaje Mhandisi Mtaalamu?

*Shikamoo Injinia. Nilimaliza ujenzi pale MUST Mbeya, niko kwa mkandarasi wa barabara upande wa Makambako mwaka wa pili sasa. Nina kadi ya mwanachama mwanafunzi niliyokata chuoni. Je, miaka hii inanipandisha daraja? Na hiyo "chata" wanayoitaka kwenye matangazo ya kazi ya nje ni ngazi gani kwetu?*

Marahaba, mdogo wangu. Hapo umechanganya ngazi mbili. Kadi yako ni ya chama cha wahandisi, ambacho mtu hujiunga kwa hiari. Uanafunzi wake uliisha ulipohitimu, na hakuna anayekupandisha usipoomba. Usajili ni wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, chini ya sheria namba 15 ya mwaka 1997, na bila huo hutakiwi kujiita mhandisi, hata kama saiti nzima inakuita Injinia. Kwako ngazi za usajili ni Mhandisi Mhitimu, kisha Mhandisi Mtaalamu, na mbele kabisa Mhandisi Mshauri. Mafundi sanifu wana daraja lao.

Kama hujasajiliwa kuwa Mhitimu, anza hapo wiki hii. Ndiyo hatua nyepesi, maana kinachoangaliwa zaidi ni vyeti vyako.

Kutoka Mhitimu hadi Mtaalamu ndipo wengi hukwama. Mafunzo ya vitendo yanayoitwa SEAP ni ya miaka mitatu. Miaka hiyo inahesabika pale unapofanya kazi chini ya Mhandisi Mtaalamu anayeiona kazi yako, na unapoiandikia ripoti akaisaini. Kama anayekusimamia ni fomeni au fundi sanifu, hata awe na miaka thelathini ya zege, saini yake haikusaidii hapa. Uliza kama mkandarasi wako ana Mtaalamu wa ujenzi anayefika saiti. Kama hayupo, wasiliana na Bodi kuhusu kupangiwa kwingine kabla mwaka wa tatu haujapita bure. Miaka yako miwili usiitupe: kusanya barua za kazi, michoro uliyoshika na shajara za saiti, uziambatanishe na maombi. Bodi ndiyo itakayoamua ni kiasi gani kinahesabika.

Sasa ripoti zenyewe. Maombi yangu ya kwanza yalirudishwa, na nilistahili. Kila ukurasa ulisema "tulimwaga", "tulichimba", "tulikagua". Msomaji hakuweza kujua kama nilikuwa mhandisi au nilikuwa nimesimama pembeni na mwavuli.

Chukua mfano wa huko kwenu. Mwezi wa saba mnamwaga kalvati kwa zege la daraja 25. Kyubu za majaribio zimekaa kwenye tangi la maji ya nyuzi 20, na siku ya saba zinatoa N/mm² 17, kama theluthi mbili ya nguvu inayotakiwa siku ya 28. Fomeni anataka mbao za dari zitolewe. Lakini kalvati limelala nje, na usiku wa Makambako msimu huo ni wa makoti mawili. Zege la baridi hukomaa polepole, kwa hiyo kyubu za kwenye tangi zinakusimulia habari za zege lingine.

Mhitimu mmoja ataandika: "Tulitoa mbao siku ya saba." Mwingine ataandika: "Niliweka kyubu tatu za ziada kando ya kalvati, zilale kwenye baridi ileile. Siku ya saba zilitoa N/mm² 11. Nilimshauri msimamizi tusubiri, nikapima tena siku ya 12, tukatoa zilipofika 16, kiwango alichokuwa ameweka. Tulipoteza siku tano, na gharama yake ni hii." Wa pili ameonyesha kipimo, uamuzi wake, usalama na fedha. Kwenye usaili ataulizwa "kwa nini?" mara nne mfululizo na bado atakuwa na la kujibu.

Ripoti ziende kila robo mwaka, si zote mwishoni. Ripoti za miaka mitatu zenye wino mmoja na mwandiko usiobadilika hujisema zenyewe.

Kuhusu chata: kwetu hakuna daraja la jina hilo. Uingereza ni usajili wa Baraza la Uhandisi, herufi CEng, unaopatikana kupitia taasisi kama ICE, ile ya wahandisi wa ujenzi. Hata huko ngazi ni mbili: MICE ni uanachama wa taasisi, CEng ni usajili. Mtaalamu wetu ndiye anayekaribiana naye, ila cheti kimoja hakigeuki kingine, utatathminiwa upya. Kwa hiyo tangazo likisema "chata au inayolingana nayo", ukishakuwa Mtaalamu omba na uambatanishe cheti cha Bodi. Likisema CEng tu, hicho hakitoshi. Ripoti zako hata hivyo zitunze, kwa sababu tathmini ya huko nayo inauliza wewe mwenyewe uliamua nini.