Dibaji ya mwenyekiti isiyonuka sherehe

"Naandika ripoti ya mwaka ya Sacco yetu hapa Kisumu. Dibaji ya mwenyekiti inasikika kama hotuba ya harusi. Nianzie wapi?"

Ndugu, anza na swali ambalo wanachama watalirusha kwanza kwenye mkutano mkuu. Kwa kawaida ni gawio. Tuseme rasimu inasema: "Licha ya changamoto zilizoshuhudiwa, Sacco imezidi kupiga hatua." Hapo hakuna mtendaji, changamoto zimejileta zenyewe. Mrudishe mtendaji: "Gawio limeshuka kutoka asilimia 11 hadi 8. Bodi iliidhinisha mikopo ya biashara bila kukagua dhamana ipasavyo, na mingi haijalipwa. Tumeisimamisha mpaka utaratibu wa dhamana urekebishwe." Shukrani zipeleke mwisho, sentensi mbili zatosha.

Kisha ichukue dibaji ya mwaka jana. Sentensi yoyote inayoweza kukaa kwenye dibaji zote mbili bila kubadilishwa, ifute.

Mwenyekiti ataogopa neno "bodi". Usimbishie, kaa naye, muulize kilitokea nini, uandike anavyosema. Mimi hupata sentensi bora hapo. Ila takwimu zilingane na hesabu zilizokaguliwa: mkaguzi huisoma dibaji pia, na ikipingana na hesabu atadai irekebishwe.