Umelala siku mbili, bado wodi inakuelemea

Mshauri, mimi ni muuguzi wa zamu ya usiku. Siku hizi kila mtu kazini anasema ana "banauti". Nitajuaje kama yangu ni hiyo au nimechoka tu? — Muuguzi, Kayole

Dada, angalia kwanza mapumziko yanakufanyia nini. Uchovu wa kawaida ni deni linalolipika. Umefanya zamu tatu mfululizo, umelala vizuri siku mbili, siku ya tatu unaamka ukitamani chapati na soga. Mwenye banauti, yaani uchovu sugu wa kazi, hulala siku hizo hizo mbili na mwili ukatulia, lakini akikumbuka tu kwamba jioni atapanda matatu kurudi wodini, uzito wote unarudi.

Shirika la Afya Duniani linasema hali hii hutokana na msongo wa kazini uliodumu bila kushughulikiwa ipasavyo, na linaitambua kwa mambo matatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi au kuibeza, na kuona kwamba kazi yako haizai kitu. Watu hulikazia macho la kwanza, nalo ndilo linalofanana na uchovu wa kawaida. Mimi huulizia sana la pili.

Niliwahi kuzungumza na mama mmoja aliyekuwa akipokea simu za wateja huko Westlands. Hakulalamikia uchovu. Alichoniambia ni kwamba akibonyeza kitufe cha kuzima sauti yake, anamsonya mteja, kisha anakifungua tena na kusema kwa upole, "Nakusikiliza." Mwaka wake wa kwanza alikuwa akiwaonea huruma watu hao hao. Sasa, dada, wewe ukisikia kengele ya kitanda cha sita, unamwaza mgonjwa au unasonya? Na kama unasonya, ni usiku mmoja mbaya, au ni wiki kadhaa sasa, hata ukitoka mapumzikoni?

Tahadhari moja kwako wa zamu ya usiku: usingizi wa mchana, majirani wakipiga redio na jua likipenya pazia, mara nyingi ni mfupi na wa kukatikakatika. Huenda ukawa na njaa ya usingizi tu. Tena upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo pia humchosha mtu, kwa hiyo pimwa damu kabla ya kujipa jina lolote.

Nilichukua likizo yangu yote ya siku 21, nikaenda kwetu Kitui. Wiki mbili baada ya kurudi nikawa vilevile. Shida ni mimi? — Mhasibu, Upper Hill

Hapana, ndugu. Likizo ilikuondoa kwenye moto, nao moto ukabaki ukikungoja. Ungekuwa na uchovu wa kawaida, Kitui ingetosha.

Nirudi kwa yule mama wa simu. Tulipokaa kuandika siku yake saa kwa saa, tuligundua wingi wa simu si ndio uliokuwa ukimmaliza. Simu za malalamiko zilimwangukia yeye, na hakuwa na ruhusa ya kumrudishia mteja hata shilingi kumi bila idhini ya bosi. Alitukanwa kwa kosa asiloweza kulirekebisha. Alimwomba msimamizi wake mambo mawili: malalamiko yagawanywe kwa zamu, na yeye awe na kiwango kidogo anachoweza kurejesha mwenyewe. La kwanza alikubaliwa, la pili alikataliwa. Baada ya miezi miwili hivi alisema kusonya kumepungua. Hakusema kumekwisha.

Nawe andika vivyo hivyo kwa wiki mbili. Tafuta saa ambayo tumbo linakukaza, na uone ni nini hasa kilichopo mezani wakati huo.

Daktari anaweza kunipa siku za ugonjwa kwa sababu hii? — Mwalimu, Kasarani

Katika ICD-11, orodha ya magonjwa ya shirika hilo hilo, hali hii imewekwa kama jambo la kikazi, haikuhesabiwa kuwa ugonjwa. Lakini daktari akikuta usingizi umevurugika au una unyogovu, hayo anaweza kuyaandikia. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, kisha 7 kwa nusu mshahara, mradi alete cheti cha daktari.

Na unyogovu wenyewe nitautambuaje? — Huyo huyo mwalimu

Uchovu wa kazi, mwanzoni hasa, hubaki kazini: Jumamosi bado unacheka na watoto. Unyogovu hukufuata hadi mezani, hadi kanisani, hadi kwenye mechi uliyokuwa ukiipenda. Mmoja unaweza kuzaa mwingine, kwa hiyo furaha ikikauka kila mahali kwa wiki mbili, nenda kliniki. Ukianza kuwaza kujidhuru, usingoje wiki mbili. Mwambie mtu wa karibu na uende hospitali leo hii.